Msikimbilie Kiwandani: Barua ya Wazi kwa Waandishi wa Vitabu vya Ziada

Dar es Salaam

Ndugu waandishi wenzangu,

Mimi ni mhariri. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa miswada ya hadithi za watoto ili iombewe ithibati na iingie madarasani kama vitabu vya ziada. Nawaandikia hadharani kwa sababu swali ninaloulizwa kwa simu kila wiki ni lilelile, na kosa ninalolikuta nikifungua bahasha ni lilelile. Mtu ameandika hadithi nzuri, ameipeleka kiwandani, amechapa nakala 2,000, kisha ndipo anauliza: “Sasa nifanyeje ili shule zikikubali?”

Jibu langu humuuma. Kitabu kidogo cha kurasa 32 cha ukubwa wa A5, chenye jalada gumu kidogo, kina uzito wa gramu hamsini na kitu. Nakala 2,000 ni zaidi ya kilo mia moja za karatasi, zimejazana kwenye maboksi chumbani kwa mwenyewe. Ikija taarifa ya watathmini inayosema ukurasa wa 9 urekebishwe, wa 14 uchorwe upya na swali la tatu liondolewe, zile kilo mia moja hazirekebishiki. Nimewahi kumwona mwandishi akibandika karatasi zenye gundi juu ya aya zilizokosewa, nakala moja moja, usiku kucha. Hakuna mwalimu aliyevipokea vitabu vile.

Kwa hiyo neno langu kubwa katika barua hii ni moja: msichape kwanza. Ithibati hutangulia, kiwanda hufuata. Na ithibati haiombwi kwa uzuri wa hadithi peke yake. Inaombwa kwa kuonyesha, ukurasa kwa ukurasa, mahali ambapo hadithi yenu inakaa ndani ya muhtasari wa somo.

Tuanze na kile mnachokiomba. Shuleni kuna kitabu cha kiada na kuna kitabu cha ziada. Cha kiada ndicho mwalimu anachofundishia somo zima kuanzia Januari, na kwa Tanzania Bara kazi ya kukiandika iko mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Zamani haikuwa hivyo. Kulikuwa na kipindi ambapo wachapishaji binafsi walishindania vitabu vya kiada, na miswada yao ilipitiwa na kamati iliyojulikana kwa kifupi kama EMAC. Mwaka 2013 kamati ile ilivunjwa baada ya mjadala mkali bungeni kuhusu makosa yaliyokutwa vitabuni, na uandishi wa vitabu vya kiada ukarudishwa kwenye Taasisi. Uwanja uliobaki kwetu, waandishi na wachapishaji binafsi, ni vitabu vya ziada: hadithi, ushairi, tamthilia, vitabu vya maarifa vya kusoma nje ya somo au kukazia somo. Usiandike barua ya maombi ukijinadi kwamba kitabu chako “kitachukua nafasi” ya kile cha kiada. Unaomba kuingia kwa mlango ambao haupo.

Sasa chukueni kitabu chochote kipya cha kiada cha mtoto wenu, mfungue kurasa za mwanzo. Mtaona cheti cha ithibati. Kisomeni kama mwanasheria anavyosoma mkataba. Kina namba, jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na ISBN. Kisha kuna sentensi inayosema kitabu kimeidhinishwa kutumika kwa darasa gani, na kwa kufuata muhtasari wa mwaka gani. Hayo ndiyo mambo mawili ambayo waandishi wengi huyapuuza: darasa, na mwaka wa muhtasari. Ithibati haisemi kitabu hiki ni kizuri kwa watoto wote. Inasema kinafaa kwa watoto hawa, chini ya mtaala huu.

Ndiyo maana mabadiliko ya mtaala yanapita juu ya vitabu vyetu kama gharika. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 ulianza kutumika Januari 2024, ukianzia elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Mwandishi aliyeandaa hadithi yake kwa kufuata muhtasari wa zamani hakuandika upuuzi, lakini anajibu maswali ambayo mwalimu haulizwi tena. Muhtasari wa sasa umejengwa juu ya umahiri: yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya, si yale tu aliyosomewa. Ukifungua jedwali lake utakuta safu ya umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, mbinu za kufundishia, vigezo vya upimaji, zana na idadi ya vipindi. Kama hujawahi kuliona jedwali hilo kwa macho yako, hujaanza kazi ya kuomba ithibati. Nenda ukalitafute leo kabla ya kuandika barua yoyote.

Niwape mfano mmoja, niufuate hadi mwisho, maana maneno matupu hayajengi.

Mwalimu mmoja wa Pwani aliniletea mswada wa hadithi ya msichana aitwaye Zuhura. Bibi yake anaumwa mguu, hawezi kwenda mnadani, basi Zuhura anabeba tenga la dagaa wakavu kwenda kuuza. Njiani anapata misukosuko, sokoni anakutana na mnunuzi mjanja, mwishoni anarudi na pesa kamili. Hadithi ina pumzi. Nilicheka mahali pa kucheka. Juu ya mswada mwandishi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Kinafaa darasa la kwanza hadi la saba.”

Hapo ndipo tulipoanzia. Kitabu kinachofaa madarasa saba hakifai darasa hata moja, kwa sababu mtathmini ameshika muhtasari wa darasa moja mkononi na atakipima kwa huo. Tuliketi tukachagua: somo la Kiswahili, darasa la tatu, watoto wa miaka minane au tisa ambao wametoka kumaliza kazi ya kujifunza kusoma na sasa wanaanza kusoma ili waelewe. Uamuzi huo wa dakika kumi ulibadilisha kila kitu kilichofuata.

Kisha tukachora jedwali letu la ulinganifu. Halina ufundi mkubwa. Safu ya kwanza ni namba ya ukurasa wa hadithi. Ya pili ni umahiri mahususi na shughuli ya ujifunzaji, vikinakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye muhtasari, pamoja na ukurasa wa muhtasari vilikotoka. Ya tatu ni sentensi moja ya kueleza mtoto anafanya nini hapo. Kwa mfano, kurasa ambazo Zuhura anabishana na mnunuzi tuliziweka kwenye shughuli zinazohusu mazungumzo na matumizi ya lugha ya adabu. Kurasa za mwisho, ambako anamsimulia bibi yaliyompata, tukaziweka kwenye kusimulia matukio kwa mtiririko. Tulipomaliza, tukaona kurasa saba mfululizo katikati ya kitabu hazina chochote kwenye safu ya pili. Zilikuwa kurasa za mandhari: bahari, upepo, mawingu, historia ya kijiji. Tamu kwa mtu mzima. Mwandishi alizipunguza zikawa mbili.

Lakini hapa nitahadharishe, kwa maana wengine mkisikia “mtaala” mnakimbilia upande wa pili. Wiki mbili baadaye mwalimu yule alinirudishia mswada ambao Zuhura, njiani kwenda sokoni, alikuwa anakutana na mtu wa kumfundisha kuhusu malaria, mwingine wa kumfundisha upandaji miti, na wa tatu wa kumhubiria kuhusu rushwa. Nilimuuliza: “Mwalimu, hawa watu watatu wametoka wapi?” Akasema: “Nimeongeza ulinganifu.” Tukawatoa wote watatu. Kitabu cha ziada hakidaiwi kufundisha muhtasari mzima. Kazi hiyo ina kitabu chake cha kiada. Kinachodaiwa ni kwamba yale yaliyomo yakae mahali panapojulikana, na mtoto ayasome kwa hiari yake. Mtathmini anajua hadithi ikiwa imejazwa mahubiri. Na mtoto anajua kabla yake.

Baada ya ulinganifu ikaja lugha. Sentensi hii ilikuwa ukurasa wa 6: “Zuhura, ambaye alikuwa amechoka mno kutokana na safari ndefu aliyotembea tangu alfajiri akiwa amebeba tenga la dagaa wa bibi yake, alijikongoja hadi chini ya mkungu ambapo aliketi akitafakari namna atakavyompata mnunuzi.” Ni Kiswahili sahihi kabisa. Ina maneno 31, na mtoto wa darasa la tatu akifika katikati ameshamsahau Zuhura. Tuliigawa hivi: “Zuhura alitembea tangu alfajiri. Tenga la dagaa lilikuwa kichwani. Alichoka sana. Alikaa chini ya mkungu. Nani atanunua dagaa wa bibi?” Maneno 20, sentensi tano, na swali la mwisho linamvuta msomaji afungue ukurasa unaofuata.

Tukadhani tumemaliza. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu wa shule moja nikaketi na watoto sita wa darasa la tatu, kila mmoja akanisomea kwa sauti, mimi nikiweka alama kwa penseli kila alipokwama. Watatu kati yao, ambao familia zao zilihamia kutoka bara, walifika kwenye “mkungu” wakasimama. Mmoja akaniuliza: “Alikaa chini ya mkungu wa ndizi?” Mtu wa Pwani anapotaja mkungu anauona mti mpana wenye kivuli na kungu zake zimetapakaa chini. Mtoto wa Kagera anaona ndizi. Kitabu kinachoombewa ithibati kitasomwa na wote wawili. Tukaandika “mwembe”. Ila kumbukeni: mchoraji alikuwa ameshachora mkungu. Neno moja likatulazimu kubadilisha picha moja. Ndiyo maana nasema majaribio na watoto yafanyike kabla ya mchoraji kuweka rangi.

Kwa vitabu vya Kiswahili kuna pia ithibati ya lugha inayotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Wao wanasoma mswada kwa jicho la sarufi, tahajia na istilahi. Msichanganye mambo haya mawili. Kitabu kinaweza kuwa na Kiswahili safi kisiwe na mahali katika muhtasari, na kinaweza kulingana na muhtasari huku kimejaa “kwa sababu” zilizoandikwa kama neno moja. Kupata ya BAKITA si kupata ya darasani.

Twende kwenye maudhui na picha, kwa sababu hapa ndipo waandishi hodari wanapoanguka. Mtathmini anasoma kwa macho mawili: jicho moja kwenye maandishi, jingine kwenye picha, na anauliza kama yanasema jambo moja. Katika kitabu cha Zuhura maandishi yalisema tenga liko kichwani. Picha ya ukurasa wa 9 ilionyesha ndoo mkononi. Ukurasa wa 11 Zuhura alipanda bodaboda, naye na dereva hawakuvaa kofia ngumu. Ukurasa wa 14, kwenye meza ya mama lishe, kulikuwa na chupa ya soda yenye nembo ya kampuni iliyosomeka vizuri kabisa. Hilo ni tangazo la biashara ndani ya kitabu cha shule, hata kama mchoraji hakulipwa senti. Ukurasa wa 22 baba alimzaba mwanawe kofi, na hadithi ikapita kana kwamba hakuna kilichotokea. Na katika kitabu kizima kila mwanamke alikuwa jikoni au ameinama akifagia, isipokuwa Zuhura mwenyewe.

Mwandishi aliniambia: “Lakini ndivyo ilivyo kijijini kwetu.” Ni kweli, na simlaumu. Hakuna anayemtaka mwandishi aseme uongo kuhusu kijiji. Lakini hadithi ikionyesha jambo baya, lazima hadithi yenyewe ilijue kuwa ni baya. Tuliacha mzozo kati ya baba na mtoto, tukaondoa kofi, bibi akaingia kati na neno lake. Ukurasa ukawa na nguvu kuliko mwanzo.

Msione hili la maudhui ni la kujazia fomu. Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni kwa sababu ya maudhui yaliyoonekana kwenda kinyume na maadili na malezi ya mtoto wa Kitanzania. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa mashuhuri duniani na vilikuwa vimekaa kwenye maktaba za shule zetu. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule. Kwa mwombaji wa ithibati, funzo ni kwamba umaarufu wa kitabu haukilindi, na maudhui huangaliwa hata baada ya kitabu kuingia shuleni.

Kuna kosa jingine dogo ambalo lilinifanya nione haya, maana mimi mhariri nililipita mara tatu. Sokoni Zuhura aliuza mafungu 12 ya dagaa, kila fungu shilingi 500. Hadithi ikasema alirudi na shilingi 6,500. Piga hesabu: 6,000. Aliyeligundua ni mtoto mmoja kati ya wale sita. Kosa la hesabu katika kitabu cha Kiswahili linahesabiwa kuwa kosa, kama vile kosa la sarufi katika kitabu cha hisabati. Mpeni mtu mmoja kazi ya kukagua namba tu: bei, umri, saa, siku, idadi ya watu kwenye picha.

Na maswali ya mwisho wa kitabu. Mswada ulikuja na maswali kumi, yote ya aina moja: nani alimtuma Zuhura, Zuhura alibeba nini, bibi aliumwa wapi. Mtoto anaweza kuyajibu yote kwa kunakili sentensi bila kuelewa hadithi. Kumbukeni safu ile ya vigezo vya upimaji. Tuliacha matatu ya kukumbuka, tukaweka mawili ya kueleza sababu, moja la kutabiri, moja la kusimulia upya kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na moja la kuuliza angefanya nini angekuwa Zuhura. Manane yakatosha.

Sasa nakala za mfano, jambo linaloonekana dogo na linaloangusha maombi mengi.

Ada, fomu na idadi ya nakala zinazotakiwa huelezwa na mamlaka inayotoa ithibati. Chukueni mwongozo ulio hai wakati mnapokaribia kuwasilisha, msitegemee karatasi aliyowaachia rafiki. Lakini kuna mambo ambayo hayabadiliki kwa sababu yanatokana na kazi yenyewe ya kutathmini. Nakala ya mfano ni kitabu kamili katika kila kitu isipokuwa wingi wake. Si mswada uliochapwa kwenye karatasi za A4 na kubanwa kwa pini kwenye kona, wala picha zenye maandishi “mchoro utakuja hapa”. Iwe na ukubwa halisi, herufi halisi, picha za mwisho zenye rangi, jalada, namba za kurasa. Kiwanda cha dijitali kinaweza kutoa nakala kumi bila kulazimisha mamia. Sisi tulichapa kumi: zile zilizotakiwa kuwasilishwa, mbili za majaribio na watoto, moja ya mwandishi, moja yangu.

Ile yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Taarifa ya watathmini huja kwa lugha ya kurasa na mistari: “uk. 14, mstari wa 3”. Kama umewasilisha nakala ya mwezi wa tatu na kwenye kompyuta yako una toleo la mwezi wa tano, ambalo uliongeza aya, ule mstari wa 3 haupo tena mahali pake. Nimewahi kukuta mwandishi amerekebisha sentensi isiyo na kosa na kuiacha yenye kosa, kwa sababu kurasa zilikuwa zimesogea. Tangu siku hiyo, nakala ikishawasilishwa, pacha wake namtia kwenye bahasha, naandika tarehe juu, na haguswi na mtu.

Jambo la pili ni kwamba nakala zote zifanane. Kiwanda kikikosea nakala mbili, watu huzirekebisha hizo mbili tu na kuziwasilisha pamoja na zile nyingine. Matokeo yake mtathmini wa kwanza anasoma kitabu kimoja, wa pili anasoma kingine, na taarifa zao zinapingana. Kabla ya kufunga bahasha, pangeni nakala zote mezani, zifungueni ukurasa uleule, mpite kwa kidole.

La tatu ni karatasi. Kitabu kinachobanwa kwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne: 28, 32, 36. Ukiambiwa uongeze ukurasa mmoja wa msamiati, hukuongezewa ukurasa mmoja, umeongezewa nne, na bei ya kitabu imepanda. Katika kitabu cha Zuhura tulijua kwamba tutaombwa kitu. Tukaacha ndani ya zile 32 ukurasa mmoja wa mwisho wenye picha tupu ya bahari. Taarifa ilipotaka orodha ya maneno magumu, bahari ikaondoka, orodha ikakaa, kitabu kikabaki kurasa 32.

La nne ni ISBN. Kwa kuwa cheti hutaja ISBN, namba hiyo iombwe mapema kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo ndiyo inayozitoa nchini. Namba nyingi za Tanzania mtazitambua kwa kuanza na 978-9976 au 978-9987. Namba moja ni ya toleo moja la umbo moja: ukitoa pia toleo la jalada gumu, hilo lina namba yake. Msiazime namba ya kitabu kingine “kwa muda”. Namba ya kuazima ikishaingia kwenye cheti, inakuwa tatizo la kudumu.

Taarifa ikirudi, msikasirike siku hiyo. Isomeni, ilazeni, isomeni tena kesho yake. Kisha fanyeni jedwali la marekebisho: ukurasa, mstari, ilivyokuwa, ilivyo sasa. Kila hoja ya mtathmini ijibiwe, hata ile ambayo hamkubaliani nayo. Mwalimu yule alikataa hoja moja: aliambiwa abadilishe “mama lishe” iwe “muuza chakula”. Akaandika kwa upole, kwa sentensi mbili, kwamba “mama lishe” ni neno linalotumiwa kila siku na watu wanaokisoma kitabu hiki, na halina dharau. Hoja nyingine 11 akazirekebisha zote. Kukataa moja kwa sababu inayoeleweka kunasikilizwa. Kunyamaza juu ya hoja kunasomeka kama kutofanya kazi. Na msirekebishe jambo ambalo hamkuambiwa bila kulitaja kwenye jedwali, kwa kuwa mtathmini atakapolikuta atakuwa na haki ya kuanza kukisoma kitabu kizima upya.

Cheti kikishatoka, ndipo kiwanda. Wekeni faili lililoidhinishwa, na faili hilo tu, mikononi mwa mchapaji. Marekebisho ya “tupendezeshe kidogo” baada ya cheti ni kuchapa kitabu ambacho hakuna aliyekiidhinisha.

Mwisho nawaambia ukweli ambao wachache huwaambia. Ithibati si oda. Haina maana kwamba serikali itanunua hata nakala moja. Inawapa haki ya kusimama mbele ya mwalimu mkuu, mzazi, maktaba au mradi wa elimu na kusema kitabu hiki kinaruhusiwa darasani. Kuuza ni safari nyingine. Tena ithibati ya Tanzania Bara haivuki bahari: Zanzibar ina mtaala wake na Taasisi yake ya Elimu, na kitabu kinachotaka kusomwa Unguja na Pemba kinaombewa huko, kwa jedwali la ulinganifu lililochorwa kwa muhtasari wa huko.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, kabla ya kunipigia simu wiki ijayo, fanyeni mambo matatu. Chagueni darasa moja. Chukueni muhtasari wa sasa wa darasa hilo mchore jedwali la ulinganifu, hata kama litawaonyesha kurasa saba tupu. Kisha tafuteni watoto sita wawasomee kwa sauti, nanyi mkae kimya na penseli. Mkishafanya hayo, njooni na nakala kumi. Zile 2,000 ziacheni kiwandani, bado ni karatasi nyeupe, zinasubiri.

Wasalaam,

Mhariri mwenzenu